Mteja ana doa lililoinuka chini ya taya, kila akinyolewa linatoka damu. Nimnyoe namna gani?

Kinyozi_Kadutu (Bukavu)

Jambo wote. Mimi ninanyoa hapa Kadutu, si mbali na soko. Nimepata mteja mpya, baba mmoja aliyepita miaka hamsini, mwalimu. Amehama kutoka salo nyingine kwa sababu kule walikuwa wanamkata kila mara. Upande wa kushoto, pale taya linapogeuka kwenda shingoni, ana doa la kahawia lililoinuka. Ni laini ukiligusa, dogo kuliko ukucha wa kidole changu cha mwisho, na katikati yake zinatoka nywele ngumu mbili tatu. Anasema analo tangu ujana wake.

Ndevu zake zikikua kidogo tu doa linajificha ndani yake. Mashini inakuja, inalikwaruza, damu inatoka hadi inachafua kola ya shati. Yeye anataka shavu safi kabisa, asibaki na unywele hata mmoja, maana ndivyo alivyozoea kwenda darasani.

Nina maswali mawili. Kwanza, mnapitaje mahali kama pale bila kukata? Pili, ndugu zake wanamwambia aende alikatishe lote liishe. Ananiuliza mimi, na mimi si muganga. Ninyi mnasemaje? Nyongeza: begani ana kovu la chanjo ya utotoni, limevimba na linang'aa. Sijui kama lina uhusiano, ila nimeliona alipovua shati.

Mutoto_wa_Essence (Bukavu)

Yaya, hapo usiguse kabisa! Doa likikatwa na wembe linageuka kansa. Bob Marley si alikufa hivyo? Aliumia kidole kwenye mpira, kidonda kikageuka kansa, wakashindwa kumponya. Mwambie huyo baba aache ndevu zikue, basi. Na kama ni lazima unyoe, mashini ipitishe kwenye moto kwanza. Unamwaga alkoli, unawasha, virusi vyote vinakufa.

Wembe_Kenya (Lubumbashi)

Mdogo wangu wa Kadutu, swali lako ni la kazi na nitakujibu kikazi. Mimi niko kwenye hii kazi tangu enzi za mashini za kamba, hapa komini ya Kenya.

Kosa kubwa haliko kwenye mkono wa kinyozi, liko kwenye mashini. Siku hizi vijana wote wanataka laini kali, kwa hiyo wanalegeza zile skrubu mbili za kichwa na kuusogeza wembe unaocheza mpaka ulingane na ule uliosimama. Ukilinganisha hivyo, meno yanauma ngozi hata iliyo tambarare, sembuse iliyoinuka. Legeza skrubu, urudishe wembe unaocheza nyuma kidogo, kama nusu milimita hadi milimita moja, halafu kaza. Jaribu kwa ndani ya kifundo cha mkono wako, pale ngozi ni laini. Ukisikia inachoma, bado iko karibu mno.

La pili ni betri. Umeme ukikatika unamalizia mteja na betri iliyochoka, si ndiyo? Mashini ikipungua nguvu haikati unywele, inauvuta. Ukiuvuta unywele uliomo ndani ya doa, doa linainuka pamoja nao na kuingia katikati ya meno. Damu nyingi unazoziona zinatoka hapo. Mteja mwenye doa mpe zamu wakati mashini ina chaji kamili.

Sasa namna ya kupita. Kabla ya kila kitu, lipate doa kwa ncha ya kidole, kisha chukua taa, hata ya simu, uimulike ngozi kutoka pembeni, si kutoka mbele. Kila kilichoinuka kitatoa kivuli. Madoa mengine yapo na mteja mwenyewe hayajui. Ukishaliona, lizungushie duara kwa kalamu nyeupe ya nyusi, ile ya akina mama, ukiacha nafasi ya nusu sentimita kuzunguka. Nje ya duara nyoa utakavyo. Ndani ya duara mashini haiingii.

Kwa ndani unatumia mkasi mdogo wenye ncha za mviringo, ule wa kukatia nywele za puani. Unaulaza sambamba na ngozi, unakata nywele moja moja, unaacha kimo cha milimita moja au mbili. Usitafute ngozi safi hapo. Anayetafuta ngozi safi juu ya doa ndiye anayekata.

Kinyozi_Kadutu

Asanti sana, mukubwa. Ya skrubu nimeielewa, yangu kweli iko sifuri. Lakini mteja hataki duara la nywele zilizobaki. Shavu jeupe halafu kijiduara cheusi chini ya taya, atanikatalia.

Wembe_Kenya

Basi badilisha mtindo wote, usipigane na doa. Weka kichana namba moja, kinaacha milimita tatu hivi, upitishe taya na kidevu kote. Ndevu fupi zilizosawazishwa ni heshima kwa mwalimu pia. Zikiwa zote na kimo kimoja, zile ulizokata kwa mkasi hazionekani. Mwonyeshe kwenye kioo kabla hajakataa.

Akikataa kabisa na kutaka wembe, wembe uwe wa makali mamoja, mpya, ufunguliwe mbele yake. Vile vyenye makali matatu au matano vina kichwa kipana, huwezi kuzunguka nacho kitu kidogo. Halafu vinauvuta unywele na kuukata chini ya ngozi, na kwa nywele zetu za kujikunja hapo ndipo vipele vinapoanzia. Lainisha ndevu kwa taulo la maji moto dakika mbili tatu. Povu liwe jepesi, maana povu zito linaficha doa. Mimi naweka mafuta tu, ninaona ninachokifanya. Kidole cha mkono wa kushoto kinakaa juu ya doa na kulifunika. Wembe unaanzia penye kidole na kwenda mbali nacho, vipande vifupi, kufuata nywele zinakolalia. Kamwe usije na wembe ukielekea kwenye kidole.

MamaMuuguzi (Goma)

Jambo, wanangu. Nimefanya kazi miaka mingi kwenye chumba cha upasuaji mdogo, sasa nimepumzika. Wembe_Kenya amesema vizuri kuhusu mkono na mashini, sitarudia. Nianze na kijana wa Essence, kwa sababu hofu yake wanayo wengi.

Mwanangu, kukata doa kwa bahati mbaya hakuligeuzi kuwa kansa. Ungekuwa ukweli, nusu ya wanaume wanaonyoa wangekuwa wagonjwa. Bob Marley alikuwa na melanoma, kansa ya ngozi inayoanzia kwenye chembe za weusi, chini ya ukucha wa kidole gumba cha mguu wa kulia. Iligunduliwa 1977, na alikufa Mei 1981. Kuumia kwenye mpira kuliwafanya watu wakiangalie kile kidole. Si mpira ulioleta ugonjwa. Na sikiliza jambo lingine katika hadithi hiyo: kwa sisi watu weusi melanoma ni chache, lakini ikitokea hupenda kukaa kwenye nyayo, viganja na chini ya kucha, mahali ambapo kinyozi hafiki. Ninyi mnaogopa doa la shavuni na hamjawahi kuangalia nyayo zenu.

Sasa kwa huyo mwalimu. Kinyozi, umetuambia mambo matatu yanayonituliza: ni laini, rangi yake ni moja, na analo tangu ujana. Lakini "tangu ujana" bado haitoshi. Muulize kama limebadilika mwaka huu au uliopita. Limekua? Limeongeza rangi ya pili? Upande mmoja umekuwa tofauti na mwingine? Linawasha? Limewahi kutoka damu siku ambayo hakunyolewa wala kulikuna? Hilo swali la mwisho ndilo zito. Doa linalotoka damu kwa sababu ya mashini lina sababu. Doa linalotoka damu kwenye mto akiwa amelala halina, na huyo anaenda kwa daktari hata kama wembe haujawahi kumgusa.

Lipime kwa rula ya wanafunzi, milimita ngapi kwa ngapi, na umpige picha kwa simu yake mwenyewe rula ikiwa pembeni. Arudie picha baada ya miezi mitatu, mwanga uleule. Likipita milimita sita huo peke yake si ugonjwa, ila ni sababu ya kulionyesha.

Mutoto_wa_Essence

Asanti Mama. Lakini mimi nilisikia doa lenye nywele haliwezi kuwa kansa. Hilo lina nywele. Si basi limekwisha?

MamaMuuguzi

Umekaribia. Doa la siku nyingi, laini, lenye nywele, mara nyingi sana ni salama. "Mara nyingi sana" si "haiwezi". Likibadilika, nywele zake hazimlindi. Na watu wanaogopa kung'oa zile nywele: hazileti kansa, ila zinaacha kitundu kinachoweza kuvimba na kutoa usaha, kisha mtu anaona doa limekuwa jekundu na anashtuka. Mkasi ni bora.

Kuhusu moto na alkoli, hapo umeniumiza kabisa. Ule moto unawaka sekunde chache juu ya mafuta na nywele zilizokwama kati ya meno. Unachokiunguza ni alkoli. Damu iliyokauka ndani inabaki. Virusi vya hepatiti B vinaweza kukaa siku saba au zaidi kwenye kitu kikavu na bado vikaambukiza, wala huhitaji kuona tone la damu. Doa likikatwa Jumatatu kwa mtu mwenye hepatiti, mteja wa Ijumaa anaweza kuibeba.

Damu ikigusa mashini, izime, toa kichwa, piga burashi nywele zote zitoke, osha kwa maji na sabuni. Baada ya hapo loweka kichwa peke yake kwenye maji ya javeli kwa dakika kumi. Soma kwenye chupa: ikiwa imeandikwa asilimia tano, changanya kipimo kimoja cha javeli na tisa vya maji. Kisha suuza, kausha vizuri, tia mafuta, kwa sababu javeli inaleta kutu haraka. Maji hayo ni ya siku hiyohiyo, kesho hayana nguvu. Kwa mteja ambaye hakutoka damu, alkoli ya asilimia sabini juu ya meno yaliyokwisha kupigwa burashi inafaa, ukiiacha ikauke yenyewe. Wembe haulowekwi wala kurudiwa. Unaingia kwenye kopo gumu lenye kifuniko.

Wembe_Kenya

Mama, dakika kumi wateja watatu wanasubiri.

MamaMuuguzi

Ndiyo maana unakuwa na vichwa viwili, mwanangu. Kimoja kinaloweka, kingine kinafanya kazi.

Mama_wa_Bagira (Bukavu)

Samahani nimeingilia mambo ya wanaume. Mimi nina vijinyama laini kwenye kwapa na viwili shingoni, vinaning'inia. Nikinyoa kwapa ninavikata na vinatoka damu nyingi kuliko ukubwa wake. Jirani amenifunga kimoja kwa uzi, anasema kitaanguka chenyewe kwa wiki. Kimekuwa cheusi na kinauma. Je, nivifunge na vingine?

MamaMuuguzi

Mama, hapana, usifunge kingine. Na hicho kilichofungwa, kama kinauma na ngozi ya pembeni imekuwa nyekundu au ya moto, toa uzi leo, osha kwa maji na sabuni, uende kituo cha afya waangalie. Waulize pia chanjo yako ya pepopunda ni ya lini.

Jirani yako hakusema uongo. Kijinyama chenye shingo nyembamba kikikosa damu kinakauka na kuanguka, wengi wamefanya hivyo. Tatizo ni mawili. Uzi wa cherehani si safi na kwapa lina jasho, kwa hiyo kidonda kinaoza taratibu siku zote hizo. La pili ni baya zaidi: nani amethibitisha kuwa ni kijinyama? Doa lenye kitako kipana halifungwi, na mtu asiye na mazoea analichanganya. Kwa daktari ni kazi ya dakika chache, ganzi kidogo, mkasi safi au kuunguza. Akikutajia kugandisha kwa baridi, muulize kwanza kuhusu rangi, kwa sababu kwenye ngozi yetu baridi kali inaua chembe zinazotoa weusi na inaweza kuacha baka jeupe kwa muda mrefu.

Kwa kunyoa, inua mkono uweke nyuma ya kichwa, ngozi ya kwapa ikazike. Kila kijinyama kilaze upande mmoja kwa kidole, unyoe upande wa pili, kisha kilaze kule ulikonyoa. Hapo katikati acha. Au tumia mkasi kote, kwapa halihitaji kung'aa.

Nikuulize jambo moja. Ngozi ya shingo na kwapa imekuwa nyeusi na nene, kama haisafishiki hata ukisugua? Kama ndiyo, na vijinyama vinaongezeka, kapime sukari. Mara nyingi vitu hivyo vinakwenda pamoja.

Mama_wa_Bagira

Shingo ndiyo, imekuwa nyeusi. Nilidhani ni mkufu. Asanti Mama, kesho nitaenda, na uzi nimeshautoa.

Fundi_Himbi (Goma)

Mimi nilikuwa na doa kama la huyo mwalimu, chini ya pua. Nilichoka na kukatwa, daktari akalitoa. Ganzi, dakika kumi na tano, nyuzi mbili, limepona, halionekani. Sijui kwa nini mnamzungusha mzee wa watu na kalamu na mikasi. Alitoe, anyoe kwa amani.

Kinyozi_Kadutu

Ndugu zake wanasema hivyohivyo. Mama, unaonaje?

MamaMuuguzi

Nafurahi limepona, Fundi. Lakini rudi usome swali la kwanza. Kinyozi aliandika kwamba begani mzee ana kovu la chanjo lililovimba na kung'aa. Ni la maana kuliko doa lenyewe.

Kuna makovu mawili yanayovimba. Moja linainuka lakini linabaki ndani ya mipaka ya kidonda, na baada ya miezi mingi linaweza kushuka. Lingine linavuka mipaka, linatambaa kwenye ngozi ambayo haikuumia, linawasha, halishuki. Hilo la pili ndilo keloidi. Chanjo ni sindano ndogo tu. Kama kovu lake limekuwa pana kuliko kidonda kilivyokuwa, ngozi ya huyo baba imetuonyesha tabia yake. Na mahali inapopenda kutokea ni begani, kifuani, masikioni na kwenye mstari wa taya. Doa lake liko kwenye taya. Unaweza kuondoa kitu cha milimita tano ukampa uvimbe mgumu wa sentimita mbili, usionyoleka milele.

Sisemi asitolewe. Daktari anayejua ngozi anaweza kulinyoa kwa juu tu bila kushona, au kupanga sindano za dawa ya kuzuia uvimbe mara baada ya kidonda kupona, kila baada ya wiki kadhaa. Ni mazungumzo ya kufanya kabla ya kisu, begani pakiwa wazi. Na kitu kimoja asikubali: kutolewa halafu kinachotolewa kikatupwa kwenye ndoo. Aulize kabla, "kitawekwa kwenye formolini kisioze? Kitasomwa wapi kwa darubini, na majibu yanachukua muda gani?" Kama hakuna njia ya kukisoma, bora doa libaki shavuni ambako tunaliona.

Kwa sababu hiyohiyo asijikate mwenyewe kwa wembe nyumbani. Mzizi unabaki, doa linarudi likiwa na sura ya ajabu, na siku likichunguzwa hata mtaalamu wa darubini linaweza kumpotosha asipoambiwa kuwa liliwahi kukatwa.

Fundi_Himbi

Hilo la bega sikuliona. Lakini mimi pia nina kovu la chanjo, na langu lilipona vizuri. Kwa hiyo hata bega si hukumu.

MamaMuuguzi

La kwako limevimba kupita kidonda, au ni kijishimo tu?

Fundi_Himbi

Ni kijishimo.

MamaMuuguzi

Basi la kwako si kama la mwalimu. Ila nakubali nusu: wapo wenye keloidi sehemu moja na sehemu nyingine wakapona sawasawa. Hakuna anayeweza kumhakikishia mzee lolote, hata mimi.

Wembe_Kenya

Niongeze kidogo kuhusu makovu, kwa sababu huku Lubumbashi ninanyoa wachimbaji na watu wa pikipiki wengi, kichwani wamejaa alama. Kovu la zamani halioti nywele, kwa hiyo hakuna cha kunyoa juu yake. Vinyozi wanapitisha mashini pale kwa mazoea tu. Na mwenye kovu mara nyingi hasikii vizuri mahali hapo, unamkata na hastuki, unaona damu wewe kwanza. Usingoje akuambie "unaniumiza". Nyoa pembeni ukifuata ukingo, kwa kona ya mashini.

Kovu jipya lenye gamba au lenye utando wa pinki unaong'aa, mimi ninakataa. Ninamwambia arudi likishafunga kabisa. Amekasirika? Akasirike.

Kisogo_243 (Bukavu)

Na sisi wenye vipele vigumu vya kisogoni? Mimi nikichongwa laini ya nyuma vinaongezeka, vingine vimeungana vimekuwa kama kamba. Nifanye nini? Kuna aliyeniambia nivipasue vitoke usaha.

Wembe_Kenya

Acha laini ya nyuma kabisa. Nywele za kisogo zishuke taratibu, milimita tatu, bila wembe, bila sifuri. Na kola ngumu ya shati iache.

MamaMuuguzi

Usipasue. Vikishaungana kuwa kamba, ndani hakuna usaha mwingi, kuna kovu, na kila ukipasua unaongeza. Nenda mapema kwa daktari, vikiwa vidogo dawa ya kupaka na sindano vinasaidia. Vikiwa kamba nene ni kazi ngumu, na mimi nimeona vilivyorudi hata baada ya kukatwa.

Kinyozi_Kadutu

Nimerudi na habari. Mwalimu amekuja leo. Tumepima: milimita tano kwa nne, rangi moja, anasema halijabadilika na halijawahi kutoka damu bila kunyolewa. Picha na rula iko kwenye simu yake. Nimerudisha wembe wa mashini nyuma, nimemulika kwa simu kutoka pembeni, na kumbe ana kingine kidogo zaidi nyuma ya sikio ambacho hakukijua. Nimekionyesha kwa mke wake aliyekuja naye.

Duara kwa kalamu nyeupe, kichana namba moja kote, mkasi ndani. Hakuna damu. Alijiangalia sana kwenye kioo. Ndevu fupi amezikubali, kwa shingo upande, anasema wanafunzi watasema amekuwa kijana.

Kovu la begani tumeliangalia pia. Limevuka, Mama. Anasema zamani lilikuwa dogo, liliendelea kukua kwa miaka, na bado linamuwasha jua likiwa kali. Nimemwambia ulichosema. Hajaamua. Ndugu zake wameshamtafutia mtu wa kulikata bei rahisi, nami nimemwomba aulize kwanza litasomwa wapi.

Swali langu lililobaki: siku nikimkata hata hivyo, nifanye nini, na nitajuaje limeharibika?

MamaMuuguzi

Vaa glovu. Kitambaa safi, bonyeza kwa kidole bila kuchungulia, dakika kumi kwa saa. Wote mnachungulia baada ya dakika moja na kuanza upya, ndiyo maana haikomi. Kisha maji na sabuni, vaselini kidogo juu. Usimpake losheni ya pombe. Lile jiwe la shabu linazuia damu vizuri, lakini likigusa damu ya mteja ni lake, asipakwe mwingine. Ponda kijiwe kidogo, tumia, tupa.

Kama anakunywa dawa ya kulainisha damu, akuambie mapema, na kwake dakika kumi zinaweza kuwa ishirini.

Siku zinazofuata doa litakuwa na gamba jeusi. Watu wanashtuka, lakini ni damu iliyoganda. Linaondoka kwa wiki moja au mbili na doa la zamani linaonekana tena. Usimnyoe hapo mpaka gamba lianguke lenyewe. Kinachonipa wasiwasi ni vitu viwili. Cha kwanza, wiki nne zimepita na bado halijafunga, au linafunga na kufunguka bila kuguswa. Cha pili, mahali palipokatwa panaota haraka kijinundu chekundu, chenye maji, kinachotoka damu nyingi ukikigusa kidogo. Hicho mara nyingi si kansa, ni mishipa midogo iliyoota vibaya baada ya jeraha, lakini kwa macho tu hakitofautishwi na kibaya. Daktari akitoe na kisomwe. Na amwambie daktari wazi: "Lilikatwa na mashini tarehe fulani."

Mtu mwenye ualbino akikaa kwenye kiti chako, kanuni hizi zikaze zaidi. Kwake kidonda chochote cha usoni, sikioni au kichwani kisichopona kwa mwezi kinahitaji daktari wa ngozi, hata kama hakina weusi wowote. Wewe unayemnyoa unaona nyuma ya masikio yake kuliko yeye mwenyewe.

Kinyozi_Kadutu

Nimeandika yote kwenye daftari la salo. Ninaye mteja kijana mwenye ualbino, anakuja Jumamosi. Ana kigamba juu ya sikio la kulia, nakumbuka kilikuwepo na mara iliyopita.

MamaMuuguzi

Mara iliyopita ilikuwa lini?

Kinyozi_Kadutu

Kabla ya shule kufunguliwa. Ni zaidi ya mwezi.

MamaMuuguzi

Basi usingoje Jumamosi. Mpigie simu leo.